Foto iliyofanya boksi la sabuni lirudi kutoka Goma

Nianze na lile boksi lililorudi, juu bila hilo boksi nisingekaa chini nikajifunza haya yote. Natengeneza sabuni hapa Bukavu, komini ya Kadutu, sabuni ya mkono ya mafuta ya mawese na nazi kidogo. Sipiki, nachanganya tu mafuta na maji ya soda kostiki, nakoroga mpaka inashika kama uji mzito, namimina kwenye kalibu ya mbao, kesho yake nakata kwa kisu, halafu vipande vinakaa kwenye rafu wiki 4 mpaka 6 vikauke vizuri. Kipande kikishakauka kina kama gramu 110, rangi yake ni njano inayoelekea haradali juu mawese yangu ni yale mekundu ya kawaida, hayajatolewa rangi, na juu yake napiga muhuri mdogo wa mbao wenye herufi 2. Mama mmoja wa Goma akaona foto kwenye duka langu la mtandaoni, akaagiza vipande 20, nikafunga, boksi likapanda boti. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Dada, hii sabuni ulinitumia haiko ile niliona ku foto."

Nikamuuliza, mama, haiko ile namna gani?

"Ile ya ku foto iko nyeupe kama maziwa, iko laini, iko na majani pembeni. Hii iko ya njano, iko na mistari ya kisu. Sikatai, iko sabuni, lakini si hii nililipa."

Alikuwa na haki kabisa. Ile foto sikuipiga kwa telefone, niliitengeneza kwa programu ya akili bandia, zile unaandika maneno inakuletea picha, na maneno unayoandika ndiyo watu wanaita prompti. Nilirudisha pesa yake yote, boksi likarudi kwa boti, usafiri wa kwenda na wa kurudi nikabeba mimi. Iliniuma sana, si kwa ajili ya pesa peke yake, ni juu ile sabuni ya njano ndiyo kazi yangu halisi na mimi mwenyewe nilikuwa nimeificha nyuma ya foto ya sabuni ambayo haipo popote duniani.

Mdogo wangu anasoma informatiki, ana kompyuta yenye kadi ya grafiki, na ameweka humo programu ya bure inayotengeneza picha bila kutumia mega. Umeme ukiwepo usiku tunakaa wote wawili. Ile foto ya mwanzo iliyoniletea shida prompti yake ilikuwa hii, nimeitunza:

```
beautiful handmade soap bar, luxury, professional product photo, 4k, white background
```

Yaani sabuni nzuri ya mkono, ya kifahari, foto ya kitaalamu ya bidhaa, 4k, nyuma kweupe. Ukiisoma unaona haina kosa. Lakini angalia vizuri, hakuna neno hata moja humo linalosema sabuni yangu ikoje. Haisemi rangi, haisemi umbo, haisemi inakaa juu ya nini, mwanga unatoka wapi. Nimesifu tu. Na programu ukiisifia bila kuielezea, inajaza yenyewe yale mapengo, na inajaza kwa vitu ilivyoviona mara nyingi wakati inafundishwa. Kwenye mtandao sabuni ya mkono karibu kila mara inapigwa foto pamoja na maua ya zambarau, majani, kamba ya katani, kibao cha mbao, mapovu. Kwa hiyo kwake maneno "handmade soap" hayamaanishi kipande cha sabuni peke yake, yanamaanisha meza nzima yenye hayo mapambo. Neno "luxury" likaongeza dhahabu na marumaru. Na rangi nyeupe ya maziwa ikatoka hapo hapo, juu sikuwa nimetaja njano.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kuandika kwa Kiswahili, ikaniletea mwanamke na kikapu, sabuni yenyewe sikuiona. Nikajaribu Kifaransa, "savon artisanal", ikaleta ule mche wa pembe nne wa Marseille wenye maandishi yamegandamizwa pande zote. Nafikiri ni juu picha nyingi za mtandaoni zenye neno "savon" zinaonyesha sabuni ile. Modeli hii tunayotumia, yaani ubongo wa programu, imefundishwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo ndiyo nikabaki na Kiingereza, hata kama changu ni cha kutafuta kwenye kamusi neno moja moja.

Sasa nikataka kuondoa maua. Nikafanya kile mtu yeyote angefanya, nikaongeza mwishoni "no flowers, no leaves", bila maua, bila majani. Maua yakazidi! Nilirudia mara nne, kila mara maua. Mdogo wangu akaniambia, "Yaya, hiyo haisomi kama mtu, wee unasema hapana maua, yenyewe inasikia maua." Na ndiyo hivyo kweli, kwenye modeli za namna hii neno la kukana lina nguvu ndogo sana, lakini neno lenyewe la ua likishaingia kwenye prompti linavuta picha ya ua. Ni kama kumwambia mtoto asifikirie andazi.

Kuna njia mbili za kutoka hapo na mimi natumia zote. Ya kwanza, programu yetu ina kisanduku cha pili chini kinachoitwa `Negative prompt`, humo unaandika vitu usivyotaka bila kuweka "no", unaandika tu jina la kitu. Ya pili, na hii ndiyo ilisaidia zaidi, ni kueleza ule utupu wenyewe kama kitu kilichopo. Badala ya kusema bila maua unasema kipande kimoja, peke yake, juu ya eneo tupu. "A single bar, alone, on an empty surface". Hapo programu imepata kitu cha kuchora mahali pa maua, inachora utupu.

Na hicho kisanduku cha chini usikijaze sana. Nilinakili mahali orodha ndefu ya maneno kama 30, mabaya, yenye ukungu, yaliyopinda, nini na nini, nikaweka yote. Sabuni ikatoka imekufa, inang'aa kama kipande cha plastiki ya ndoo. Nilipopunguza yakabaki matano tu, yale ya vitu nilivyokuwa naviona kweli vinajitokeza kwenye foto zangu, ikarudi kuwa sabuni:

```
flowers, leaves, bubbles, rope, text
```

Jambo ambalo lilinifundisha kuliko mengine yote ni kisanduku kidogo kinaitwa `Seed`. Mwanzoni kilikuwa kimeandikwa -1, maana yake kila ukibonyeza programu inachagua namba mpya kwa bahati, na ile namba ndiyo inaamua vumbi la mwanzo ambalo picha inajengwa kutoka humo. Kwa hiyo nilikuwa nabadilisha neno, picha inatoka tofauti kabisa, na sijui kama ni neno langu limefanya kazi au ni bahati tu. Usiku mzima ulipita hivyo. Kumbe ukichukua namba ya picha moja ukaiandika pale na ukaacha ukubwa na kila kitu kingine vile vile, prompti ile ile inakupa picha ile ile, na ukibadilisha neno moja unaona neno hilo moja limefanya nini. Tangu siku hiyo naweka namba moja, nabadilisha neno moja, naangalia, naandika kwenye daftari. Ukubwa nimeacha 1024 kwa 1024 juu modeli yetu ilifundishwa kwa ukubwa huo, na foto ya pembe nne sawa inakaa vizuri dukani bila kukatwa.

Na kwa njia hiyo ndiyo nikaweza kushughulikia rangi. Nikaandika sabuni ya njano ya haradali, umbo la mstatili, isiyong'aa. Ikatoka jibini. Kweli kabisa, kipande cha jibini kama zile za Masisi, hata mama yangu alipopita nyuma yetu akauliza hiyo jibini ni ya nani. Na ukifikiri sio ajabu, kitu cha njano, mstatili, haking'ai, kimekatwa kwa kisu, mara nyingi ni jibini au siagi. Nikaongeza "waxy", yenye kama nta, ikageuka mshumaa ukaota na utambi juu. Nikajaribu "translucent", inayopitisha mwanga, ikawa ile sabuni ya gliserini ya hotelini.

Ndiyo nikashuka kwenye rafu nikachukua kipande changu halisi, nikakiweka mbele ya kompyuta chini ya mwanga wa tochi ya telefone, nikaanza kukiangalia kama sijawahi kukiona. Kuna mistari myembamba ya kisu ubavuni, inaelekea upande mmoja. Kuna vitundu vidogo vya hewa, vichache, ukubwa wa ncha ya sindano. Uso wa juu haujanyooka, una kama wimbi dogo pale nilipopitisha kijiko. Kona moja imemeguka kidogo. Na juu kuna utando mweupe mwembamba kama unga, ule unaotokea soda inapokutana na hewa sabuni ikiwa bado changa, haudhuru chochote. Hivyo vitu vyote nilikuwa naviona ni kasoro, navificha, kumbe ndivyo vinavyoitofautisha sabuni na jibini. Nikaviandika:

```
a single rectangular bar of handmade soap, mustard yellow, matte,
knife-cut sides with faint drag lines, a few tiny pinholes,
slightly uneven top with a light powdery film, one chipped corner
```

Jibini ikaondoka. Ukiweka mistari ya kisu na ule unga wa juu, jicho linajua lenyewe hii ni sabuni ya kukauka kwenye rafu. Ila usizidishe, nilipoandika vitundu "many" badala ya "a few" ikawa sifongo.

Bado kulikuwa na tatizo moja ambalo sikulijua jina lake. Sabuni ilikuwa nzuri, nyuma kweupe, lakini ukiiangalia unasikia kama kuna uongo mahali. Nilimtumia shangazi yangu anauza vitenge, ana jicho la vitu, akanijibu neno moja, "Inaelea." Ndiyo hiyo! Sabuni ilikuwa haijakaa juu ya kitu, imebandikwa tu kwenye weupe. Na kosa lilikuwa la maneno, mimi niliandika "white background", nyuma kweupe, nyuma ni nyuma, sikusema chini kuna nini. Programu ikatii, ikaweka weupe kila mahali na sabuni katikati ya hewa.

Kitu kilichokaa mezani kina alama yake. Pale chini kabisa sabuni inapogusa meza kuna mstari mwembamba wa giza, ndio giza kuliko yote kwenye foto, halafu kivuli kinatoka hapo kinaenda upande ambao mwanga hautoki, kinazidi kufifia mpaka kinaisha. Huo mstari ukikosekana sabuni inaelea, hata kama kivuli chenyewe kipo. Na kivuli kikienda kulia, upande wa kushoto wa sabuni ndio uwe na mwanga, wakati mwingine programu inaangaza upande huo huo wenye kivuli, au inaweka vivuli viwili vinavyokwenda njia mbili, foto hiyo uitupe tu, usibishane nayo. Nikaacha kusema nyuma, nikaanza kusema inakaa juu ya nini na mwanga unatoka wapi:

```
resting on a matte white paper surface, seamless paper backdrop,
soft window light from the left, soft contact shadow under the bar,
three-quarter view from slightly above, whole bar in focus
```

Kila kipande hapo kina kazi yake. Ile "seamless paper" ni karatasi ambayo wapiga picha wanaipandisha kutoka mezani mpaka ukutani ikiwa imejipinda bila kukunjwa, ndiyo maana hauoni mstari wa ukingo wa meza nyuma ya bidhaa. Nilipokuwa sijaiandika nilikuwa napata mstari wa kijivu unapita nyuma ya sabuni kama upeo wa ziwa. "Three-quarter view from slightly above" ni kuangalia kwa pembeni na kwa juu kidogo, unaona uso wa juu na pande mbili, mtu anapata unene wa kipande, juu ukiipiga mbele moja kwa moja inakuwa mstatili bapa kama kadi. Na ile ya mwisho, sabuni yote ionekane wazi, niliiweka juu nilikuwa nimeandika "macro" nikidhani itaonyesha vizuri zaidi, ikasogea karibu mno, kona ya mbele tu ndiyo inaonekana na nyuma yote ni ukungu.

Kwa hiyo nilikuwa nimefika. Foto safi, sabuni ya njano, imekaa chini, mwanga wa dirisha. Nilifurahi kweli. Niliiweka karibu na kipande halisi mezani asubuhi nikalinganisha, na furaha ikapungua. Haikuwa sabuni yangu. Ilikuwa ndugu yake. Ile kona iliyomeguka ilikuwa kona nyingine, njano ilikuwa imezidi kidogo, na muhuri wangu wa herufi 2 haukuwepo, nilipojaribu kuuomba ukatoka mchoro unaofanana na herufi lakini si herufi. Na ukubwa, programu haijui sentimita, kipande changu ni 8 kwa 5 na unene wa 2.5, kwenye foto mtu anaweza kudhani ni tofali. Nikamkumbuka yule mama wa Goma. Angesema nini? Angesema inafanana. Lakini yeye hakulipa kufanana.

Hapo ndipo nikageuza kazi yote, na kama kuna mtu anauza kitu cha mkono nataka asome hii sehemu pole pole. Sabuni isichorwe na programu. Sabuni uipige mwenyewe, programu iachie ule weupe tu.

Nilinunua karatasi mbili za manila nyeupe. Moja nikaibandika ukutani ikashuka mpaka mezani ikiwa imejipinda, meza iko pembeni ya dirisha, dirisha liko kushoto. Ya pili nikaisimamisha upande wa kulia, nje ya foto, irudishe mwanga kidogo kwenye upande wa giza. Saa tatu asubuhi, jua bado halijaingia moja kwa moja, flashi nimezima, balbu ya ndani nimezima pia juu mwanga wa balbu wa njano ukichanganyika na wa dirisha rangi ya sabuni inaharibika na huwezi kuirudisha. Nikashika telefone kwa mikono miwili, viwiko mezani, nikarudi nyuma hatua moja nikavuta kidogo, juu ukiwa karibu sana lenzi ya telefone inaivimbisha sabuni upande wa mbele.

Foto ilitoka na sabuni sawa kabisa, lakini karatasi ilikuwa na mkunjo, doa la kidole, na kona moja ilionyesha ukuta. Hicho ndicho nilichotaka programu inisafishie.

Jaribio la kwanza nikaipa foto nzima kwenye sehemu ya `img2img`, ambayo inaanza na foto yako badala ya vumbi. Humo kuna kitufe cha kusogeza kinaitwa `Denoising strength`, kutoka 0 mpaka 1, kinasema programu iruhusiwe kubadilisha kiasi gani. Nikaweka 0.7, ikanirudishia sabuni nyingine kabisa. Nikashusha 0.2, sabuni yangu ilikuwepo lakini na mkunjo wa karatasi ulikuwepo. Katikati, 0.35, mkunjo ulipungua, ila mistari ya kisu nayo ilipigwa pasi na herufi za muhuri zikaanza kupinda. Hakuna namba nzuri hapo, juu namba hiyo moja inafanya kazi kwa foto nzima, na mimi nataka karatasi ibadilike sana na sabuni isibadilike hata kidogo.

Dawa yake ni kufunika. Sehemu inayoitwa `Inpaint` unapaka rangi kwa brashi juu ya foto, kisha unachagua `Inpaint not masked`, yaani chora upya kila mahali isipokuwa nilipopaka. Nikapaka sabuni yote, nikaweka denoising 0.6. Foto ya kwanza ikatoka na karatasi safi kama mpya, na sabuni mbili! Ya kwangu, na nyingine ndogo nyuma yake. Nilikaa nikiangalia prompti, nikaona, nilikuwa bado nimeandika "a single bar of handmade soap". Kwa programu ile prompti inaelekeza sehemu inayochorwa, na sehemu inayochorwa ni karatasi, kwa hiyo niliiomba sabuni kwenye karatasi, ikanipa. Kwenye kazi hii jina la bidhaa halitajwi kabisa:

```
empty matte white paper surface, smooth seamless paper backdrop,
soft daylight from the left
```

Sabuni ya pili ikaondoka. Kikabaki kivuli. Nilikuwa nimepaka sabuni peke yake, kwa hiyo kivuli chake cha kweli kilifutwa na kikachorwa kingine, na mara tatu kati ya tano kilikwenda upande usio wenyewe au ule mstari wa giza wa chini ulipotea, tukarudi kwenye kuelea. Nikapaka tena, safari hii sabuni pamoja na kivuli chake cha karibu, upana wa kidole hivi, nikaacha ncha ya kivuli inayofifia nje. Programu ikaendeleza kivuli kutoka pale nilipoishia, kwa upande sawa, juu mwanzo wake ilikuwa inauona. Hiyo foto ndiyo iko dukani mpaka leo.

Kabla ya kuipandisha naikagua namna moja. Naifungua kwenye telefone, mwanga wa skrini katikati, nasimama mlangoni nikiwa na kipande halisi mkononi, naweka kando ya skrini. Naangalia njano kwanza. Halafu nakuza foto mpaka naona muhuri, nahesabu kona, naangalia kama mistari ya kisu iko pale pale. Halafu mpaka wa sabuni na karatasi, ukiona utepe mweupe mwembamba unaizunguka sabuni kama imekatwa na mkasi, brashi ilitoka nje au ilibaki ndani, rudia kupaka. Weupe wa karatasi nao si lazima uwe mweupe kabisa, kwa duka langu nauacha na ukijivu kidogo ili kivuli kiishe polepole. Kuna masoko makubwa ya mtandaoni, Amazon kwa mfano, foto ya kwanza wanataka weupe kamili, 255 kwa rangi zote tatu za skrini, nyekundu, kijani na bluu, na bidhaa ijaze asilimia 85 ya foto, ukiuza huko inabidi ufuate hiyo.

Foto ya pili dukani ni sabuni kwenye kiganja changu, haijaguswa na programu yoyote, hiyo ni ya ukubwa. Na chini ya foto ya kwanza nimeandika kwamba karatasi ya nyuma imesafishwa na kompyuta, sabuni ni yenyewe.

Yule mama wa Goma nilimtumia foto hizo mbili bila kumwomba anunue. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaandika, "Sasa hii ndiyo niliona ndani ya boksi." Akaagiza vipande 5.

Wiki hii niko na sabuni ya makaa, nyeusi, na karibu kila kitu kinabidi kibadilike. Telefone ikiona kitu cheusi inaongeza mwanga yenyewe, sabuni inatoka ya kijivu, kwa hiyo nagusa skrini juu ya sabuni na kuvuta mwanga chini mpaka weusi unarudi. Kwenye karatasi nyeupe mpaka wake unakatika vibaya mno na ule mstari wa giza wa chini hauonekani, juu sabuni yenyewe ni giza. Nimenunua manila ya kijivu, na kwenye prompti nimebadilisha "white" ikawa "light grey". Jana kivuli kilitoka vizuri, ila ubavu wa kulia bado umezama gizani, mistari ya kisu haionekani. Kesho asubuhi, kama mvua haitanyesha, nasogeza ile karatasi ya pili ikae karibu zaidi, sentimita 10 tu kutoka kwenye sabuni.